Moshi wa mezkali unaingia wapi, na kwa nini tekila haina?

#1 KauntaYaMeru

Habari za leo wakuu. Ninaagiza vinywaji kwa ajili ya hoteli hapa Arusha na nina chupa tatu mezani zinazonichanganya. Ya kwanza ni tekila, imeandikwa agave, ule mmea wa jamii ya mkonge, asilimia 100. Ya pili ni mezkali, ukifungua kifuniko tu inakupiga harufu ya jiko la kuni. Mgeni mmoja amerudisha glasi akisema kinywaji kimeharibika. Ya tatu nayo ni mezkali, alama zote za uthibitisho zipo, lakini haina moshi hata wa kubahatisha.

Ninachotaka kujua: moshi unaingia hatua gani? Unatiwa makusudi kama kiungo, au unajitokea wenyewe? Kama tekila na mezkali zote zinatoka kwenye agave, kwa nini moja tu ndiyo inanukia hivyo? Na ile ya tatu niihesabu feki? Naomba anayejua kazi yenyewe anijibu, maana maneno ya matangazo ninayo ya kutosha.

#2 Mzee_wa_Pipa

Mkuu, hilo ni rahisi. Mapipa ya mwaloni huchomwa ndani kabla ya kutiwa kinywaji, kwa hiyo moshi unatoka kwenye pipa. Pili, mezkali inakenekwa kwa moto wa kuni wakati tekila siku hizi ni boila na mvuke. Na tatu, tekila ni agave ya bluu pekee, nayo haina asili ya moshi. Mezkali ni agave ya porini, hiyo ndiyo yenye moshi wake.

#3 Mvuke_na_Shaba

Mzee wa Pipa, kwa heshima yako, kuhusu agave ya bluu umesema kweli: sheria ya Meksiko inairuhusu tekila aina hiyo moja tu. Mengine yanahitaji kurekebishwa.

Mezkali nyingi haigusi pipa kabisa. Inatoka mtamboni, inakaa kwenye madumu au mitungi ya kioo, inaingia chupani ikiwa nyeupe kama maji. Moshi uliomkera mgeni wa Arusha umo ndani ya kinywaji hichohicho cheupe. Kuhusu moto wa chini ya mtambo, huo uko nje ya chungu. Mvuke wa pombe unapita ndani ya shaba iliyozibwa viungio vyote, na moshi wa kuni unapanda nje. Kama moshi ungekuwa na njia ya kuingia, mvuke wa pombe nao ungekuwa na njia ya kutoka, tena juu ya moto. Hakuna mtengenezaji anayeweza kukubali hilo. Wala si sehemu kubwa ya mezkali inayotoka porini. Inatoka kwenye espadini, agave inayolimwa shambani kwa mistari, ndugu wa karibu wa hiyo ya bluu.

Moshi unaingia mapema kuliko hapo, kabla tone moja la juisi halijakamuliwa: wakati agave inaokwa.

Ni lazima iokwe. Lile tumba la katikati linalobaki baada ya majani kukatwa, ambalo wenyewe huliita nanasi kwa sababu linafanana nalo, limejaa sukari, lakini sukari hiyo imefungwa kwenye minyororo mirefu iitwayo fruktani. Hamira haiwezi kuila. Si wanga kama wa mahindi au mtama, kwa hiyo hata kimea hakisaidii. Joto la muda mrefu, unyevu, na uchachu mdogo wa agave yenyewe ndivyo vinavyoikata minyororo hiyo ikawa fruktosi. Hapo ndipo hamira inapata chakula.

Kwa hiyo mtengenezaji wa tekila na wa mezkali wote wanaioka agave. Wanachotofautiana ni jiko. Tekila huiva kwa mvuke: ama kwenye tanuri la matofali kwa siku moja na nusu au mbili, ama kwenye tangi la shinikizo, yaani presha kuka kubwa ya chuma, kwa saa zisizofika hata nusu siku. Mvuke unatoka kwenye boila iliyo chumba kingine. Moto na agave havionani. Mezkali ya jadi huokwa ndani ya shimo la ardhini, juu ya mawe yaliyochomwa kwa kuni, imefunikwa kwa udongo siku tatu hadi tano. Humo moto na chakula viko chumba kimoja.

#4 KauntaYaMeru

Nimekupata mkuu, asante. Ila kuna jambo halijaniingia. Nimeona picha za mashimo hayo: wanasubiri moto uishe wabaki na makaa na mawe ndipo wanapanga agave. Sasa kama moto umekwisha, moshi unatoka wapi?

#5 Mvuke_na_Shaba

Hilo ndilo swali hasa, na jibu lake linaeleza kwa nini mezkali mbili za kijiji kimoja zinaweza kutofautiana kabisa.

Moto wenye mwali unakula moshi wake wenyewe. Kuni inapopata joto hutoa gesi na ukungu wa mafuta mepesi. Mwali ukiwepo na hewa ikitosha, vitu hivyo vinaungua na kuishia kuwa hewa ya ukaa na maji. Ukizima mwali wakati kuni bado ina moyo wake, inaendelea kutoa ukungu uleule lakini hakuna tena cha kuuchoma. Kila aliyewahi kuweka sufuria juu ya kuni isiyokauka anaujua moshi huo.

Sasa fikiria siku ya kufunika shimo. Kuni zilizoungua zote zikawa makaa hazina ukungu mwingi wa kutoa. Lakini gogo nene lililobaki na kitovu kisichoungua, likifunikwa kwa tani za agave na udongo, linaendelea kufuka taratibu bila hewa, na moshi wake hauna bomba la kutokea. Unapanda katikati ya mananasi ambayo juu yake ni mvua tupu kwa sababu ya mvuke, na uso uliolowa unaunasa moshi vizuri kuliko uso mkavu. Hicho ndicho chanzo cha kwanza.

Chanzo cha pili ni agave yenyewe. Ikianza kuiva inadondosha juisi tamu, na juisi ikifika kwenye jiwe lenye joto la nyuzi mia kadhaa inaungua papo hapo. Na vipande vilivyolala karibu na mawe huungua upande mmoja hadi kuwa mkaa. Kwa hiyo hata ukiwa na makaa safi kabisa hutapata mezkali ya shimo isiyo na moshi hata chembe. Utapata kidogo.

Hakuna anayetia moshi kama kiungo. Ni alama ya jiko, na kiasi chake kinaamuliwa zaidi na saa ile ya kufunika.

#6 Bint_Maskati

Assalaam alaykum. Mimi pombe sitii mdomoni wala agave hii ya kwenu sijaiona, lakini shimo nalijua. Huku Omani tunapika shuwa: nyama yenye viungo inafungwa kwenye majani ya mgomba au makuti na kifuko cha usumba, inashushwa shimoni juu ya makaa, inafunikwa hadi kesho yake au keshokutwa.

Hayo anayosema kaka Mvuke ndiyo yanayotokea kwetu. Kuni zisipoiva zote kuwa makaa, nyama inatoka chungu, si ya moshi mtamu. Na dalili ya kuziba vibaya inaonekana dakika chache tu baada ya kufunika: ukiona uzi wa moshi unatoka pembeni, pana upenyo. Ukiuacha, hewa inaingia kwa chini, makaa yanawaka upya, na upande ule utaungua wakati upande wa pili ni mbichi. Tunazunguka shimo na ndoo ya udongo uliolowa, tunapachika kila panapofuka mpaka patulie.

Swali langu: sisi nyama imefungwa, moshi hauifikii moja kwa moja. Agave nayo inafungwa kwa kitu gani?

#7 Mvuke_na_Shaba

Wa alaykum salaam dada. Haifungwi moja moja. Kinachofanya kazi ya majani yako ni machicha, yaani nyuzi zinazobaki mtamboni baada ya kukeneka mkupuo uliopita. Yanatandazwa yakiwa yamelowa juu ya mawe, kisha tena juu ya lundo kabla ya mikeka na udongo. Tandiko la chini lina kazi mbili: kuzuia agave isilale kwenye jiwe la moto, na kutoa mvuke wa kuipikia. Likiwa jembamba au kavu linashika moto lenyewe, na badala ya kuzuia moshi linauongeza.

#8 Songwe_Juu

Wakuu, mnaweza kutupa shimo moja tangu asubuhi hadi linafunguliwa, na vipimo vyake? Maneno ya jumla nimeyasikia mengi.

#9 Mvuke_na_Shaba

Tuchukue shimo la ukubwa wa kawaida kwa jimbo la Oaxaca, tuseme Santiago Matatlán: mdomo mita 3, kina mita 2, pande zinabana kuelekea chini kama faneli. Litabeba tani 5 za espadini, kwa sababu lundo linapanda juu ya usawa wa ardhi kama kichuguu.

Asubuhi na mapema kuni zinapangwa chini, magogo ya mwaloni au ya meskiti. Wasomaji wa Baringo na Turkana wanamjua ndugu yake huyo meskiti kwa jina la mathenge. Juu ya kuni yanapangwa mawe, hasa ya volkano. Hapa pana hatari ya kweli: jiwe la mtoni lililolowa lina maji kwenye nyufa zake, na maji yakigeuka mvuke jiwe linapasuka na kurusha vipande. Mawe yaliyozoea moto hutunzwa na kurudiwa, na yale mapya yanakaushwa kwanza. Jiwe likianza kumeguka na kuwa changarawe linatolewa, kwa sababu changarawe haihifadhi joto na inaziba nafasi ambazo joto lingepitia.

Moto unaachwa uwake saa sita hadi nane, wengine zaidi. Kipimo kinachotazamwa si saa bali macho: moshi mweusi na mweupe umekoma, mwali umekuwa mfupi, mawe yanang'aa na kuni zimekaa chini kuwa makaa. Mawe yanasawazishwa kwa miti mirefu na kila kisiki kinachofuka kinavutwa nje. Watu wenye haraka wanaruka hatua hiyo ya kuvuta visiki, na mezkali yao utaijua kwa pua ukiwa mlangoni.

Kisha machicha yaliyolowa, unene wa kiganja kilichosimama. Kisha agave. Mananasi yamepasuliwa nusu au robo ili vipande vilingane. Makubwa yanaenda katikati na chini ambako joto ni kali, madogo juu na pembeni. Usipopasua, ganda litaungua wakati moyo haujaiva. Tena machicha, mikeka au turubai, na mwisho udongo. Kutoka kusawazisha mawe hadi kufunga udongo kazi lazima iende kwa kasi na watu wengi, kwa sababu kila dakika mawe yakiwa wazi joto linakimbia. Baadhi huacha tundu juu ya lundo, wanamimina ndoo za maji ili shimo lijae mvuke, halafu wanaliziba.

Siku ya nne au ya tano linafunguliwa. Kipande kilichoiva ni cha kahawia iliyokolea, nyuzi zinaachana kwa vidole, na ukikitafuna ni kitamu kama sukari guru. Kisichoiva kina moyo mweupe mgumu. Hicho hutengwa kirudi shimo lijalo, kwa sababu sukari yake bado imefungwa na haitachachuka. Kilichoungua kinakatwa sehemu nyeusi. Ukisaga mkaa pamoja na agave nzuri, ladha ya majivu inaingia kwenye pipa la kuchachushia na hakuna hatua ya mbele itakayoitoa yote.

Agave iliyoiva inasagwa kwa jiwe kubwa la mviringo linalovutwa na farasi au nyumbu. Inachachuka pamoja na nyuzi zake kwenye mapipa ya mbao wazi, kwa hamira ya mazingira, wiki moja kwenda mbili kutegemea baridi. Inakenekwa mara mbili. Kwa espadini hesabu ya mkononi ni kilo 10 za agave mbichi kwa lita moja, kwa hiyo shimo hili litatoa kama lita 500 zenye nguvu ya asilimia 48 hivi. Agave za porini kama tobala zinaweza kula mara mbili ya kilo hizo.

#10 Dada_Maabara

Niongeze hesabu ndogo hapo ili watu waone shimo linavyogharimu. Tani 5 zikiwa na sukari asilimia 25 ni kilo 1,250 za sukari. Kwa kemia kilo moja ya sukari haiwezi kuzidi gramu 511 za pombe, kwa hiyo kiwango cha juu kabisa ni kilo 639 hivi, sawa na lita 800 na ushee za pombe halisi. Lita 500 za asilimia 48 ni lita 240 tu. Zaidi ya theluthi mbili imepotea: iliyoungua juu ya mawe, iliyobaki kwenye nyuzi, iliyoliwa na bakteria wakati wa kuchachuka, na iliyotupwa kwenye mikato ya mtambo. Viwanda vikubwa vinaacha shimo kwa sababu hiyo, siyo kwa sababu ya moshi.

Na kuhusu moshi wenyewe: unaounusa ni fenoli, hasa guayakoli na jamaa zake kama kresoli. Zinatoka kwenye lignini, ile gundi inayofanya mti uwe mgumu, inapovunjwa na joto. Lignini imo kwenye kuni na pia kwenye nyuzi za agave, ndiyo maana Mvuke yuko sahihi kusema hata agave iliyoungua inatoa moshi wake. Harufu nyingine inayochanganywa na moshi ni ile ya karameli na lozi zilizokaangwa. Hiyo inatoka kwenye sukari iliyopikwa sana, nayo imo kwenye tekila ya tanuri la matofali pia. Mtu asiseme tekila fulani ina moshi kumbe ananusa karameli.

Kuna jambo halijatajwa. Shimo likishatia fenoli, mkenekaji bado ana neno la mwisho. Guayakoli inachemka kwenye nyuzi 205 hivi, mbali sana na pombe. Haipandi kwa wingi mwanzoni mwa mkeneko. Inajitokeza zaidi kadiri pombe inavyopungua na maji kuongezeka kwenye mvuke. Kwa hiyo anayekata mapema, akauweka pembeni mkia, yaani sehemu ya mwisho ya mkeneko, anapata mezkali nyepesi. Anayeufuata mkia mbali ili apate lita nyingi anavuta moshi pamoja na uzito wa mafuta. Shimo moja, juisi moja, mikato miwili, chupa mbili tofauti. Watu wa wiski za moshi wa mboji kule Islay, Uskoti, wanalijua hili vizuri.

#11 Mzee_wa_Pipa

Nimejifunza, nakubali kosa la pipa na la moto wa mtambo. Lakini basi ikubalike kwamba tekila haina moshi kwa asili. Na watu waache kusema tekila ni aina ya mezkali, ni vitu viwili tofauti kisheria.

#12 Mvuke_na_Shaba

Kisheria uko sawa. Tekila ina jina la asili lililolindwa tangu 1974 na kanuni yake ni NOM-006-SCFI-2012: Jalisco na baadhi ya wilaya za Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas. Mezkali ililindwa 1994, na kanuni ya sasa ni NOM-070-SCFI-2016, yenye majimbo yake na aina nyingi za agave. Chupa haiwezi kuwa na majina yote mawili.

Ila "kwa asili" siwezi kukubali. Karne ya 19 kinywaji hicho kiliitwa mvinyo wa mezkali wa Tekila, yaani mezkali ya mji unaoitwa Tequila, na kiliokwa mashimoni kama mingine. Baadaye katika karne hiyohiyo wenye viwanda vya Jalisco walihamia kwenye matanuri ya juu na mvuke, na Cenobio Sauza ndiye anayetajwa sana katika mabadiliko hayo. Moshi uliondoka pamoja na mashimo. Na wapo watengenezaji wachache wa tekila waliorudi kuchimba shimo miaka ya karibuni, wakitumia agave ileile ya bluu: moshi ukarudi. Hapo utaona kwamba aina ya mmea haihusiki.

#13 Tumba_la_Korogwe

Habari zenu. Nimefuata uzi wote. Huku kwetu mkonge umejaa, na mkonge ni agave. Ukishavunwa majani miaka yote, tumba linaachwa linaoza shambani. Nina nafasi ya kuchimba shimo la mita mbili. Niweke kuni kilo ngapi, na mezkali hiyo naweza kuuza lita bei gani?

#14 Dada_Maabara

Kaka wa Korogwe, swali la uzi lilikuwa la moshi, lakini nitakujibu kwa sababu lako lina hatari.

Ni kweli mkonge ni agave, jina lake *Agave sisalana*, na umetoka Meksiko: Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kupitia Florida na Hamburg, na miche 62 ndiyo iliyofika hai. Lakini ulichaguliwa kwa nyuzi, si kwa sukari. Na tumba la mmea uliokatwa majani kila msimu limenyimwa kiwanda chake cha sukari miaka yote. Likishatoa mlingoti wa maua, sukari iliyobaki imepanda kwenye mlingoti. Watengenezaji wa mezkali wanakata mlingoti ukiwa mchanga ili kuzuia hilohilo, na majani hawayavuni. Zaidi ya hapo mkonge una saponini kwa wingi, zile zinazotoa povu na kuwasha ngozi ya wakata mkonge. Saponini hazipandi mtamboni, lakini zinavuruga kuchachuka na kufanya mtambo ufurike povu.

Jina mezkali huwezi kulitumia nje ya Meksiko hata ukifanya kila kitu sawa. Kukeneka pombe bila leseni ni kosa la jinai. Na agave yoyote ina pektini nyingi, ambayo inazaa methanoli, pombe yenye sumu. Kanuni za Meksiko zinaweka kikomo cha miligramu 300 kwa mililita 100 za pombe tupu, na kipimo hicho kinachukuliwa maabara. Methanoli hainusiki tofauti, haionekani kwa moto wa kiberiti, na kumwaga mwanzo wa mkeneko hakuiondoi yote kwa sababu inaenea katika mkeneko mzima. Tafadhali usiuze kinywaji kwa kukisia.

#15 Tumba_la_Korogwe

Asante dada, nimekuelewa. Nilidhani kazi ni kuni tu. Basi nitaliuliza upande wa mbolea na biogesi.

#16 KauntaYaMeru

Naomba nirudi kwenye chupa zangu. Hii ya pili imeandikwa "Mezcal Artesanal", espadini, Oaxaca. Ya tatu, isiyo na moshi, imeandikwa "Mezcal" tu, basi. Hiyo tofauti ina maana?

#17 Mvuke_na_Shaba

Ina maana kubwa. Kanuni ina madaraja matatu. Lenye neno "Mezcal" peke yake linaruhusu hata tangi la shinikizo, kwa hiyo inaweza kuwa agave haikuona kuni kabisa. Si feki, ila imepikwa kama tekila. "Artesanal" inadai shimo au tanuri la mawe la juu. "Ancestral" ndiyo inayodai shimo pekee, kupondwa kwa mikono au kwa jiwe la mnyama, na kukenekwa kwenye vyungu vya udongo. Anayetaka kuhakikisha shimo bila kuuliza mtu, daraja hilo la tatu ndilo.

Lakini usipime ubora kwa moshi. Sehemu za San Luis Potosí zina desturi ndefu ya matanuri ya juu yenye mvuke na agave inayoitwa salmiana. Mezkali yao inanukia majani mabichi na pilipili hoho, na ni mezkali halali ya watu wanaojua kazi. Ukimpa mtu anayetafuta moshi atasema umemdanganya.

#18 Songwe_Juu

Hapo mimi ningebisha kidogo. Mteja anayelipa bei ya mezkali analipia moshi. Ukiupunguza, ananunua kitu gani tofauti na tekila?

#19 Mvuke_na_Shaba

Analipia agave, mkuu. Espadini, tobala na tepeztate zilizopikwa kwenye shimo moja zina ladha tatu tofauti, na tepeztate inaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 20 kabla ya kukatwa. Moshi mzito unazifanya zote tatu zifanane. Wazee wengi wa kazi hiyo Oaxaca wanauona moshi mzito kuwa kosa la kufunika mapema. Wauzaji wa nje ndio walioufanya kuwa bango.

#20 Songwe_Juu

Wiski ya Islay nayo iliambiwa hivyohivyo, na leo moshi ndio heshima yake. Soko nalo lina haki ya kupenda linachopenda. Tutofautiane hapo.

#21 Dada_Maabara

KauntaYaMeru, kabla hujamjibu mgeni, fanya hivi. Tia mililita 20 za chupa ya pili kwenye glasi, ongeza maji safi mililita 10, subiri dakika tano. Pia paka tone moja kwenye viganja, sugua mpaka pombe iruke, unuse kilichobaki. Moshi wa shimo zuri utaukuta pamoja na agave iliyoiva, kitu kama viazi vitamu vilivyochomwa na karameli. Ukikuta majivu, mpira ulioungua au dawa ya hospitali peke yake, bila utamu wowote nyuma, hapo kuni zilifunikwa mbichi au mkia ulifuatwa mbali, na mgeni wako alikuwa na hoja.

#22 KauntaYaMeru

Nimefanya sasa hivi, mimi na mpishi. Kwenye glasi ya maji moshi umepungua na kitu kitamu kimejitokeza. Mpishi amesema muwa uliochomwa. Kwenye viganja bado tunabishana, yeye anasema viazi, mimi nasikia dawa kidogo kwa mbali. Chupa inabaki kaunta, ila nimeandika kwenye menyu kwamba imeokwa shimoni kwa kuni ili anayeagiza ajue. Kesho nafungua chupa nyingine ya kasha hilohilo nilinganishe.